«Sous quinzaine» au tarehe kamili?

Hapa Mwanza, barua zetu za Kifaransa kuhusu takwimu za sangara husomwa na watu wengi waliojifunza lugha hiyo shuleni, kama sisi. Linganisha namna mbili za kuomba rekodi zitumwe kwa wakati:

«Veuillez procéder à l'envoi des relevés sous quinzaine.»

«Veuillez envoyer les relevés au plus tard le 20 mai.»

Ya kwanza ni Kifaransa sahihi cha ofisini. Lakini «quinzaine», kwa mazoea ya Wafaransa, ni wiki mbili. Mgeni anaona kumi na tano ndani yake, anahesabu siku 15. Tena kuanzia lini?

Mimi nachagua ya pili. «Avant le 20 mai» siiandiki, maana tarehe 20 yenyewe inabaki na utata. «Veuillez» nimeibakiza: «Merci d'envoyer» mgeni anaweza kuidhani shukrani kwa kazi iliyokwisha.