Lenzi nyembamba kwa macho ya hasi kubwa: ipi uchague, na lini ulipie zaidi

Karatasi ya vipimo inasema -6.00 macho yote mawili, yaani huoni vizuri vitu vya mbali na unahitaji lenzi za hasi zenye nguvu hiyo. Fundi wa miwani anauliza: unataka lenzi ya kawaida au nyembamba? Ukisema nyembamba, anakutajia 1.60, 1.67 na 1.74, na kila namba inavyopanda ndivyo bei inavyopanda. Watu wengi hujibu swali hilo wakiwa tayari wameshikilia fremu waliyoipenda. Huo ni mpangilio wa kinyume, na ndio unaowafanya walipie lenzi ghali kisha warudi nyumbani na miwani minene vilevile.

Namba hizo huitwa indeksi ya lenzi. Inaonyesha jinsi malighafi inavyopinda mwanga. Plastiki ya kawaida ni 1.50. Plastiki yenye indeksi kubwa hupinda mwanga zaidi, kwa hiyo mchongo mdogo unatosha kutoa nguvu ileile, na mchongo mdogo maana yake ni lenzi nyembamba. Nguvu ya lenzi haibadiliki: -6.00 ya 1.74 haikufanyi uone vizuri kuliko -6.00 ya 1.50. Unacholipia ni unene na uzito tu, basi tuvipime.

Lenzi ya hasi ni nyembamba katikati na nene pembeni. Kutoka kitovu chake kwenda ukingoni, unene hauongezeki sawasawa, bali huongezeka kwa mraba wa umbali. Ukingo ukiwa mbali mara mbili, unene wa ziada unakuwa mara nne. Hesabu ya kukadiria ni fupi, na unaweza kuifanya kwenye simu ukiwa dukani:

```
unene wa ziada (mm) = nguvu × r × r ÷ (2000 × (indeksi − 1))
```

Hapo nguvu iandike bila alama ya kutoa, na r ni umbali, kwa milimita, kutoka kitovu cha lenzi hadi ukingo ulio mbali zaidi. Jibu utakalopata jumlisha na unene wa katikati, ambao kwa lenzi ya 1.50 huwa karibu milimita 2, kwa 1.60 karibu 1.5, na kwa 1.67 na 1.74 karibu 1.3.

Sasa tumchukue mtu wetu wa -6.00. Umbali kati ya mboni zake mbili, ule unaoandikwa PD kwenye karatasi, ni milimita 62. Amependa fremu kubwa ambayo ndani ya mkono wake pameandikwa 54 na 18. Namba ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi ya daraja la pua. Ukizijumlisha unapata 72, yaani katikati ya tundu moja la fremu hadi katikati ya jingine ni milimita 72, wakati macho yake yako milimita 62. Lazima kila lenzi isogezwe milimita 5 kuelekea puani ili kitovu chake kikae mbele ya mboni. Kwa hiyo upande wa sikio, ukingo uko milimita 27 za nusu ya lenzi, ongeza 5 za kusogezwa: jumla 32.

Kwa fremu hiyo, lenzi ya 1.50 itakuwa na ukingo wa milimita 8.1 hivi. Ya 1.60 itafika 6.6, ya 1.67 itafika 5.9, na ya 1.74, ghali kuliko zote, itafika 5.4.

Halafu ajaribu fremu ya 46 na 20. Jumla ni 66, kwa hiyo lenzi inasogezwa milimita 2 tu, na ukingo wa mbali uko milimita 25. Hapo 1.50 inakuwa na ukingo wa 5.8, ya 1.60 ni 4.6, ya 1.67 ni 4.1 na ya 1.74 ni 3.8.

Linganisha matokeo hayo mawili. Lenzi ya kawaida kabisa katika fremu ndogo ni nyembamba kidogo kuliko 1.67 katika fremu kubwa. Na 1.60 katika fremu ndogo inaishinda 1.74 katika fremu kubwa kwa karibu milimita nzima. Ndiyo maana nasema fremu kwanza. Tafuta ambayo upana wa lenzi ukijumlishwa na daraja unakaribia PD yako, yenye umbo la duara au linalokaribia duara, na ukingo wa plastiki wenye unene kiasi wa kuficha lenzi. Ukishaipata hiyo, indeksi inakuwa swali dogo zaidi.

Mpangilio wangu kwa macho ya hasi kubwa

Nafasi ya kwanza naipa 1.60. Hatua ya kutoka 1.50 hadi 1.60 ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: katika fremu ndogo ya mfano wetu inapunguza zaidi ya milimita moja ukingoni na karibu moja ya tano ya uzito. Ni ngumu kiasi cha kutobolewa kwa fremu zisizo na ukingo, na haichafui rangi sana, jambo nitakalolieleza hapa chini. Kwa mtu wa -4.00 hadi karibu -6.50 aliyechagua fremu kwa busara, sioni sababu ya kupanda juu zaidi.

Nafasi ya pili ni 1.67. Inaanza kustahili bei yake kuanzia -6.50 hivi, au mapema kidogo kama uso wako ni mpana na fremu ndogo inakubana kwenye panja. Hapo tofauti ya nusu milimita au zaidi inaonekana kwa macho.

Ya tatu ni 1.74, na hapa naomba uwe makini na pesa yako. Kwa -6.00 katika fremu ndogo, inaipita 1.67 kwa milimita 0.3. Huo ni unene wa kadi nyembamba, na hakuna mtu atakayeuona akikutazama usoni. Hata wepesi unaotarajia haupo sana, kwa sababu malighafi yenyewe ni nzito: sentimita ya ujazo moja ya 1.74 ina gramu 1.47 hivi, ya 1.60 ina gramu 1.30. Ukipiga hesabu ya ujazo, lenzi hizo mbili katika fremu ndogo zinakaribia kulingana uzito. Kuanzia -9.00 kwenda juu mambo hubadilika. Mtu wa -10.00 mwenye ukingo wa milimita 29 kutoka kitovuni anaokoa karibu milimita 0.6 juu ya 1.67, na kwa lenzi ambayo vyovyote vile itafika karibu milimita 7, kila sehemu ya milimita ina thamani. Huyo nitamwambia anunue.

Polikaboneti ya 1.59 naiweka pembeni ya mpangilio huu. Unene wake ni kama wa 1.60, lakini rangi zake ni mbaya zaidi. Sifa yake ni kutovunjika, kwa hiyo ni ya watoto, ya michezo na ya kazi za vyuma. Kama wewe si mmoja wa hao, chagua 1.60. Ile ya 1.50 si ya kudharauliwa: kwa -3.00 katika fremu ndogo inatoa ukingo usiofika milimita 4, na inaonyesha rangi safi kuliko zote nilizotaja.

Rangi pembeni ya herufi

Malighafi zinazopinda mwanga sana huwa pia zinautawanya, yaani nyekundu na bluu hazipindwi sawa. Kiasi hicho hupimwa kwa namba ya Abbe, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo rangi zinavyotulia. Ya 1.50 ina 58, ya 1.60 ina takriban 41, ya 1.67 na 1.74 zina 32 au 33, polikaboneti ina 30. Katikati ya lenzi hutaona tofauti yoyote. Lakini ukitazama kwa jicho la pembeni, milimita 10 kutoka kitovuni, mtu wa -6.00 akiwa na 1.67 anaweza kuona ukanda wa bluu upande mmoja wa herufi nyeupe na wa rangi ya chungwa upande wa pili, na maandishi yanafifia. Wengi huzoea kugeuza kichwa badala ya jicho ndani ya wiki chache. Wachache hawazoei, hasa wanaosoma skrini pana siku nzima, na hao nawarudisha kwenye 1.60.

Kabla ya kulaumu malighafi, hakikisha kitovu kimekaa sawa. Lenzi iliyowekwa milimita 3 nje ya mboni hukulazimisha kutazama daima kupitia sehemu isiyo ya kati, na dalili zake ni hizohizo pamoja na kuumwa kichwa. PD ipimwe usoni pako, tena kwa kila jicho peke yake, isikisiwe.

Jambo jingine linalohusu lenzi zote za indeksi kubwa ni mng'ao. Uso mmoja wa lenzi ya 1.50 hurudisha asilimia 4 ya mwanga, wa 1.74 hurudisha zaidi ya asilimia 7. Bila utando wa kuzuia mng'ao utaona taa za nyuma yako ndani ya lenzi, na watu wataona taa badala ya macho yako. Usinunue 1.67 isiyo na utando huo ili kupunguza gharama. Ni bora ushuke hadi 1.60 yenye utando.

Ukiwa na astigmatizimu

Hapa karatasi ya vipimo ina siri ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Namba kuu ya nguvu huandikwa SPH, ile ya ziada ya kurekebisha astigmatizimu huandikwa CYL, na AXIS ni pembe inayoonyesha CYL imeelekea wapi. Chukua SPH ya -5.00 yenye CYL ya -2.00. Ikiwa AXIS ni 180, zile -2.00 zinafanya kazi wima, kwa hiyo kwa mlalo lenzi ina -5.00 tu. Kwa kuwa lenzi ni ndefu zaidi kwa mlalo, unene utakuwa wa mtu wa -5.00 pale unapoonekana. Ikiwa AXIS ni 90, mlalo una -7.00, na upande wa sikio utanenepa kweli. Watu wawili wenye SPH na CYL zilezile wanaweza kuhitaji lenzi tofauti: wa kwanza anatosheka na 1.60, wa pili namshauri 1.67. Na kama jicho moja lina nguvu zaidi ya jingine, piga hesabu kwa lile lenye nguvu zaidi, kisha uagize indeksi moja kwa yote mawili.

Siku ya kuchukua miwani, omba uone bahasha za karatasi zilizoleta lenzi, kwa sababu indeksi huchapwa juu yake. Kisha pima ukingo wa upande wa sikio kwa rula au kalipa na ulinganishe na hesabu yako. Ukizidi kwa nusu milimita ni kawaida, maana hesabu ile ni ya kukadiria. Ukizidi kwa milimita moja na nusu, uliza kama kweli ulipewa indeksi uliyolipia, na kama lenzi ilisogezwa kwa PD yako au kwa ya kukisia.