Kugeuza 03:47 iwe 10:10 kwenye picha ya saa ya LED: uzoefu wangu na GIMP

Kazi niliyoipimia GIMP ni moja tu: picha za bidhaa za saa za ukutani za LED, zile nyekundu zenye tarehe, joto na nyakati za sala, ambazo maduka ya Ngamiani hapa Tanga huziuza kwa misikiti na ofisi. Picha huja na saa yoyote iliyokuwepo wakati wa kupiga, na mwenye duka anataka isomeke 10:10. Natumia toleo la 3.0. Ni programu ya bure ya kuhariri picha, na ukishaipakua haidai intaneti.

Nianze na jambo ambalo halihusu programu. Kama saa bado iko dukani, usihariri. Iweke 10:10 kwa vitufe vyake, upige upya. Kuhariri kunafaa pale picha inapokuwa ya msambazaji, au mzigo ulishauzwa na picha ndiyo imebaki.

Na kabla ya kugusa picha, hakikisha mmeelewana saa ipi. Ujumbe wa kawaida ni huu: "Mwanangu, niwekee saa nne na dakika kumi." Jibu langu huwa: "Sawa mzee, ni ile inayoandikwa 10:10, siyo 04:10?" Swali hilo dogo linaokoa nusu saa ya kazi, maana wengine huandika kabisa "4:10" wakiwa na maana ya saa nne asubuhi.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza la wengi ni kutafuta fonti inayofanana na tarakimu za saa, kuandika 10:10, kuipaka rangi nyekundu na kuibandika. Inagundulika upesi. Kwenye saa halisi kila tarakimu ina vijiti saba, na vile vilivyozima bado vinaonekana kwa mbali, vyeusi vyenye wekundu kidogo. Zaidi ya hapo, mwanga wa vijiti vinavyowaka humwagikia pembeni na kufanya ukungu mwekundu kwenye kioo. Fonti haina kijiti kilichozima wala ukungu huo. Dawa ni kutumia vijiti vya picha ile ile.

Chukua picha inayoonyesha 03:47. Ukitazama vizuri, tarakimu zote nne, yaani 0, 3, 4 na 7, zina vijiti viwili vya kulia vinavyowaka. Na 10:10 nayo inavihitaji hivyo hivyo viwili katika nafasi zote nne. Maana yake upande wa kulia wa kila tarakimu hauguswi kabisa, na unakuwa alama yako ya kupimia. Kinachobaki ni hiki: 0 ya nafasi ya kwanza inakiliwa kwenda nafasi ya pili na ya nne. Halafu 7 ya mwisho, ambayo kwenye saa hii ni 1 iliyoongezewa kijiti cha juu, inakiliwa kwenda nafasi ya kwanza na ya tatu, kisha kijiti hicho kinazimwa. Angalia kwanza 7 ya saa yako, kwa sababu zipo zinazowasha pia kijiti cha juu kushoto.

Fungua picha na urudufu leya kwa Shift+Ctrl+D ili ya chini ibaki salama. Nakala zote zichukuliwe kwenye ile ya chini. Ukianza kuzima vijiti vya 0 kabla hujaikopi, umepoteza chanzo chako.

Zungushia 0 kwa Free Select, herufi F. Usikate kwenye ukingo wa vijiti. Acha nafasi ya nje inayolingana na unene wa kijiti kimoja, ili ukungu wake uje nao. Kama kijiti kina pikseli 40, acha 40. Kisha Select > Feather, pikseli 8 hadi 10 zinatosha kwa ukubwa huo. Kopi, rudi kwenye leya ya juu, kisha bandika. Katika 3.0 kilichobandikwa kinakuwa leya yake moja kwa moja. Matoleo ya 2.10 yalikuachia kipande kinachoelea, hadi ukibonyeze Shift+Ctrl+N.

Hapa ndipo GIMP inapolipa. Picha nyingi hupigwa kwa upande kidogo, hivyo tarakimu ya nne ni fupi kuliko ya kwanza. Kwenye picha ninayoieleza, 0 ya kwanza ilikuwa na pikseli 212 kwa urefu, na 7 ya mwisho 200. Ukiibandika bila kuipunguza, jicho linaona kuna kitu hakiko sawa hata kama halijui ni nini. Badili hali ya leya mpya iwe Difference, kisha ishike kwa Unified Transform, Shift+T, ukiwa umewasha chaguo lake la Composited preview. Katika hali hiyo, sehemu ya leya mpya inayofanana na ya chini huwa nyeusi. Sogeza pembe mpaka vijiti viwili vya kulia vipotee kwenye weusi. Vikibaki na mstari mwembamba mwekundu upande mmoja, bado hujafika. Vikishapotea, bonyeza Transform mara moja tu na urudishe hali iwe Normal. Kila ukikubali mgeuzo mpya picha inachorwa upya na kingo zinalegea, kwa hiyo usibadili kidogo kidogo mara nne.

Leya ikishakaa, iwekee kinyago kwa Layer > Mask > Add Layer Mask, chaguo la White. Paka nyeusi kwa brashi laini juu ya vijiti viwili vya kulia ili vya asili ndivyo vionekane. Nafasi ya pili na ya nne zimekwisha. Kijiti cha katikati cha 0 kilichozima kimekuja na wekundu wake sahihi, kwa sababu kwenye chanzo nacho kilizungukwa na vijiti vinavyowaka.

Kutengeneza 1 ndiko kugumu, na wanaosema kuzima ni rahisi kuliko kuwasha hawajajaribu. Bandika 7 kwenye nafasi ya kwanza kwa njia ile ile ya Difference. Kijiti cha juu kinawaka na lazima kife, na ukungu wake umefika mpaka kijiti cha juu kushoto. Ukikipaka rangi nyeusi unapata shimo: eneo halina chembe za picha, na linaonekana kama kiraka cha lami. Badala yake, chukua sehemu ya chini kushoto ya 7 hiyo hiyo, yaani kijiti cha chini na cha chini kushoto, vyote vimezima. Kopi, bandika, geuza juu-chini kwa Flip, Shift+F, chaguo la Vertical. Vinakuwa kijiti cha juu na cha juu kushoto, na wekundu hafifu unabaki upande wa kulia unakotakiwa.

Kuna mtego mmoja. Tarakimu nyingi za LED zimelala kulia kidogo, na ukigeuza juu-chini zinalala kushoto. Nyoosha kwa Shear, Shift+H, mpaka kijiti kilichozima kifuate mstari wa chini yake. Anayezungusha nyuzi 180 hukwepa tatizo la kulala, lakini ukungu unahamia kushoto ambako hakuna kinachowaka, na hilo ni baya zaidi. Kwenye nafasi ya tatu, simamisha kinyago kabla ya nukta mbili, kwa kuwa nazo zina ukungu wao unaoangukia 1 hiyo.

Zima na washa leya zote ulinganishe na picha ya asili. Makosa yanayobaki huwa nje ya tarakimu: kivuli chekundu cha 0 ya zamani kwenye fremu, na mwakisi kwenye meza ya kioo unaoonyesha bado 03:47 kichwa chini. Mwakisi unasahaulika kuliko chochote. Usipotaka kuuhariri kwa vijiti, ukate picha usiwemo.

Kwa saa za msikiti, soma na mistari mingine. Hapa Tanga Adhuhuri huingia kati ya saa sita na dakika chache na karibu saa saba kasorobo, kutegemea mwezi, na Magharibi haitoki nje ya saa kumi na mbili na ushei. Msambazaji akileta picha yenye Magharibi 17:20, mnunuzi wa msikiti ataona kabla hajaona bei. Vilevile, zipo saa za mtindo wa saa 12 ambazo nafasi yao ya kwanza ina vijiti viwili tu, vya kuandikia 1 peke yake. Kuziwekea 20:10 ni kuuza saa ambayo haipo.

Malalamiko yangu kwa GIMP ni machache. Kifaa cha Move, kama hujachagua Move the selected layers, hushika leya yoyote iliyo chini ya kielekezi, nawe unasogeza 0 ukidhani unasogeza 7. Na wakati wa kutoa JPEG, nenda mwenyewe kwenye chaguo za ndani uweke ubora 92 na Subsampling 4:4:4. Tarakimu nyekundu juu ya weusi zinategemea rangi kuliko mwanga, na mpangilio mwingine huhifadhi rangi kwa azimio dogo, hivyo kingo za vijiti zinavuja. Kwa sababu hiyo hiyo, omba picha ya asili ya WhatsApp itumwe kama Document. Iliyotumwa kama picha ya kawaida ina vijiti vilivyokwisha kuvuja kabla hujaifungua.

Picha nyingine hazifai hata kujaribu. Saa hizi haziwashi tarakimu zote kwa pamoja. Huziwasha kwa zamu haraka kiasi kwamba jicho halioni. Simu ikipiga nje kwenye jua, kwa shata ya 1/500 au zaidi, inanasa zamu moja, na tarakimu mbili zinatoka nusu au hazipo. Hapo huna chanzo cha kukopi. Ipigwe ndani, shata 1/50 au 1/25, ambayo pia inakubaliana na umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde na kuzuia michirizi ya taa. Punguza ISO mpaka vijiti vibaki vyekundu. Vikigeuka njano katikati, mwanga umezidi. Nukta mbili zinapepesa, kwa hiyo piga tatu mfululizo bila kusogeza simu, uchague yenye nukta.

Picha moja ya aina hii hunichukua dakika 25, na nusu yake ni zile 1 mbili.