Milioni yangu ya ziada na jedwali la marejesho la benki

Nilikusudia kuisifu benki hii, kwa kuwa mkopo wa duka langu la vifaa vya ujenzi ulitoka upesi na afisa aliyenihudumia mwanzoni alikuwa muungwana. Nia hiyo iliniisha siku nilipoletewa jedwali jipya la marejesho.

Nilikopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 15 kwa mwaka ikitozwa kwenye salio linalopungua, hivyo rejesho likawa 290,920 kila mwezi. Baada ya rejesho la sita salio lilikuwa takribani 4,663,300. Wakati huo huo mambo mawili yalitokea: riba ilipanda hadi asilimia 18, jambo ambalo mkataba unaliruhusu na silalamikii, nami nikalipa 1,000,000 ya ziada ili kupunguza deni.

Jedwali jipya lilionyesha riba ya mwezi wa saba kuwa 69,950. Nilipogawanya kiwango kwa 12 nikapata asilimia 1.5 kwa mwezi, na asilimia 1.5 ya salio lililobaki, yaani 3,663,300, ni 54,950 tu. Tofauti ya 15,000 ndiyo asilimia 1.5 ya milioni yangu: walikuwa wameiweka pembeni kama marejesho ya miezi ijayo, huku deni likiendelea kutozwa riba kana kwamba sikulipa kitu. Nilipouliza, afisa mwingine alinijibu bila kuinua macho, "Mama, hesabu hizo tuachie sisi, mfumo umeshatoa."

Nilirudi nyumbani nikaunda jedwali langu kwenye Excel, kila mwezi na mstari wake. Kiwango cha riba nilikipa safu yake, C, kwa sababu kikikaa katika kisanduku kimoja juu ya jedwali, ukikibadilisha unaharibu hata miezi iliyokwisha kulipwa. B ni salio la mwanzo, D riba ya mwezi, E rejesho, F malipo ya ziada, na G salio la mwisho. Mwezi wa saba, ikiwa imebaki miezi 18, unasomeka hivi:

```
D8: =B8*C8/12
E8: =-PMT(C8/12,18,B8)
G8: =B8-(E8-D8)-F8
```

Rejesho likashuka hadi takribani 233,740. Hata hivyo nilichagua kubaki na 290,920, kwani deni linaisha kwa miezi 14 na salio dogo la mwezi wa 15, na riba inapungua kwa zaidi ya 116,000.

Nilipeleka karatasi hizo kwa meneja pamoja na barua inayotamka kwamba milioni ipunguze deni lenyewe. Alirekebisha siku ile ile, tena kwa adabu, na hapo hasira yangu ikapoa kiasi. Ningekopa tena kwao? Yule meneja akiwepo, labda. Yule wa mfumo akiwa dirishani, hapana. Wala sijaombwa radhi hadi leo.