Herufi moja tu, na laki mbili na nusu zangu

Nilikuwa natafuta chupa moja tu: ile ya L'Air du Temps ya Nina Ricci, yenye njiwa wawili kwenye kizibo. Bibi alikuwa nayo, aliletewa kutoka Maskati, na marashi yalipokwisha chupa ikabaki juu ya kabati kama mgeni wa heshima. Aliyeivunja simtaji. Basi siku moja nikaiona kwenye duka la vitu vya kale huku Mji Mkongwe, roho ikaniruka.

Muuzaji akaipindua, akanionyesha maandishi kwenye kitako: "R. Lalique France", alama ya René Lalique, yule fundi wa vioo wa Ufaransa. Akasema, "Hii ya kabla ya vita, dada yangu. Kazi ya René mwenyewe." Akataka laki mbili na nusu. Nikatoa. Hapo sina wa kumlaumu, nilikuwa nalia kwa furaha kama mtoto wa Idi.

Nilipofika nyumbani ndipo akili ikarudi. René Lalique alikufa 1945. Marashi yenyewe yalitoka 1948, na chupa ya njiwa wawili ilibuniwa na mwanawe, Marc, 1951. Baada ya kifo cha mzee, ile R iliondolewa kwenye alama, ikabaki "Lalique France" peke yake. Sasa marehemu alitia saini vipi chupa iliyobuniwa miaka sita baada ya maziko yake?

Nikachukua lensi. "Lalique France" imekaa vizuri, kingo zake zimelainika kwa miaka ya kuwekwa na kuondolewa mezani. R imechimbwa ndani zaidi, nyeupe, ina unga wa kioo kwenye mikunjo, na mikwaruzo ya zamani ya kitako inaishia ukingoni mwake badala ya kupita juu. Tena imebanwa pembeni, maandishi yote yameegemea upande mmoja kama mtu aliyechelewa kupanda daladala. Alama ya R iliyotoka kwenye kalibu haiwi hivyo. Ile huwa sehemu ya kioo chenyewe, kingo zake mviringo, ukipitisha ukucha haukwami. Hii ilinikwama.

Nikarudi dukani. Sikwenda kugombana, wallahi, nilikwenda kuuliza. Hakuipokea hata chupa. Akaendelea kufuta sinia lake la shaba, akasema mbele ya watalii, "Wewe kama hujui vitu vya kale, nenda Darajani ukanunue udi." Mimi! Nimezaliwa hatua chache kutoka dukani kwake.

Hasira zikanifanya niikague upya nikitafuta makosa, na nikayapata. Vizibo vya kioo vya chupa nzuri za aina hii vilisagwa pamoja na shingo, kimoja kimoja, mpaka vikashikana. Ndiyo maana mguu wa kizibo na ndani ya shingo huwa na ukungu mweupe, na ukikizungusha taratibu kinakamata bila kucheza. Cha kwangu kina ukungu, ni kioo kweli wala si plastiki kama vifuniko vya siku hizi, lakini kinacheza kushoto kulia na hakizami mpaka chini. Kwa hiyo kizibo ni cha zamani, ila ni cha chupa nyingine. Ndoa ya mkeka.

Lebo nayo nikampelekea kijana wa wakala wa pesa aimulike kwa ile tochi ya kukagulia noti. Ikawaka buluu kama kanzu mpya kwenye taa za harusi. Karatasi ya kabla ya vita haiwaki hivyo, dawa ya kuing'arisha ilienea baadaye. Hata hivyo sitaki kumwonea mtu: lebo hubandikwa upya, na isiyowaka pia inaweza kuwa imekatwa kwenye kitabu cha zamani. Lebo peke yake haimfungi mtu.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ni feki, msikanyage pale. Lakini chupa si feki! Kioo ni cha Lalique, cha baada ya vita, na angeniambia hivyo hivyo ningeinunua, labda kwa laki moja na kizibo chake cha kuazima. Kilichoharibu ni ile R. Aliyeichora amechukua kitu halali akakipa nasaba ya uongo, na sasa nikitaka kuiuza hata ukweli wake hauaminiki. Kama muuzaji ndiye aliyechora au naye aliuziwa hivyo, sijui. Udi ule lakini ulitoka kinywani mwake.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya njiwa. Wako juu ya kabati la bibi, na kila mlango ukifungwa kwa nguvu wanagonga shingoni: ti, ti, ti.