Uzoefu wangu: barua ya kuomba mkopo wa cherehani mbili

Nina kibanda cha kushona hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nilikuwa na cherehani moja ya miguu, nikaomba mkopo kwenye taasisi ya mikopo midogo ninunue mbili: moja ya kawaida kwa ajili ya fundi msaidizi, na ovaloki.

Barua ilianza kiofisi kama zote: "YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SHILINGI 1,200,000 KUNUNUA CHEREHANI MBILI". Nikaambatanisha profoma ya duka, nakala ya kitambulisho cha NIDA na utambulisho wa serikali ya mtaa. Hayo kila mtu anayo. Kilichonibeba ni aya hii: "Kwa sasa kila nguo naipeleka kwa jirani kupigwa ovaloki kwa shilingi 500. Kwa nguo 40 za wiki, ni shilingi 80,000 kwa mwezi." Afisa mikopo alipokuja kibandani hakuhangaika na cherehani yangu. Aliomba daftari la oda, akakaa kwenye benchi la wateja akahesabu mwenyewe.

Baadaye akauliza: shule zikishafunguliwa na sare zikapungua, utalipa na nini? Jibu lilikuwa ndani ya barua. Mwezi wa msimu niliuwekea faida ya 230,000 kutoka kwenye mashine zote mbili. Mwezi mkavu niliuwekea 130,000, baada ya kumlipa msaidizi na kununua umeme wa LUKU. Rejesho ni kama 120,600, kwa hiyo mwezi mkavu habaki mtu na kitu. Sikuipamba, na nadhani ndiyo maana aliiamini ile ya msimu.

Riba ndiyo iliyonifanya nichague taasisi hii. Kwingine nilitajiwa asilimia 3 kwa mwezi, ila inapigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho. Kwa miezi 12 ni riba ya 432,000. Hawa wanatoza asilimia 3 hiyohiyo kwenye deni lililobaki, na jumla inakuja kama 247,000. Ukisikia asilimia tu, huwezi kuona tofauti. Omba ratiba ya marejesho iliyochapwa, usome jumla ya mwisho.

Kero ninazo. Ada ya asilimia 2 hukatwa kwenye mkopo wenyewe, hivyo ilifika 1,176,000 na 24,000 ya kumalizia duka nikatoa mfukoni. Niliomba pia rejesho la kwanza lisubiri miezi miwili, wakakataa. Siku 30 tu. Kwa bahati ilikuwa Desemba, oda zilishaanza kuingia.

Kwa mashine ningewarudia. Kwa kununua vitambaa vya msimu, hapana: mzigo unaoisha Januari hauhitaji deni la mwaka mzima.