Uzoefu wangu na bima kubwa ya gari lililotumika kutoka nje

Bima kubwa ya gari la aina hii naipa alama nzuri kwa sharti moja: thamani iandikwe sawasawa. Ikikosewa, utaona hasara siku ya kudai.

Kosa la kawaida ni kuikatia bima bei iliyo kwenye ankara ya muuzaji wa nje. Bei hiyo haina ushuru, na wakati mwingine haina hata nauli ya meli. Bima huangalia gari kama hilo, la umri na hali hiyo, linauzwa kiasi gani leo hapo unapoishi. Tuseme sokoni ni milioni 20, wewe ukaandikisha milioni 12 ili ada ishuke. Ukigonga, na matengenezo yakawa milioni 5, kampuni yenye kipengele cha uwiano itasema umekatia bima asilimia 60 tu ya gari, hivyo italipa milioni 3, kisha itoe sehemu unayobeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Kuandika milioni 25 nako hakusaidii. Gari likiibwa, kwa kawaida utalipwa thamani ya soko ya siku hiyo, na ada ya ziada imekwenda bure.

Ndiyo maana napendelea kuanza kwa mthamini anayekubaliwa na kampuni husika. Akague gari lenyewe, asome kilomita, apige picha ya namba ya chesi pale ilipogongwa kwenye bodi. Redio au rimu ulizobadilisha ziorodheshwe na bei zake, la sivyo zinaweza kuachwa nje ya fidia.

Kwa karatasi, andaa kadi ya gari, ankara, hati ya shehena ya meli, hati ya forodha inayoonyesha ushuru umelipwa, cheti cha usajili cha nchi lilikotoka, ripoti ya mthamini na kitambulisho chako. Si kila kampuni itadai zote, ila zote ziwe na namba ya chesi ileile, herufi kwa herufi. Sifuri ikiandikwa O kwenye hati moja, irekebishwe kabla ya kulipia.

Mwaka ndio unaosumbua zaidi kwa magari ya Japani. Cheti chao cha kusafirisha gari nje huonyesha tarehe ya usajili wa kwanza, ambayo si lazima iwe ya kutengenezwa, na namba ya chesi ya magari ya soko lao la ndani haina tarakimu 17 wala haitaji mwaka. Kwa hiyo kadi inaweza kusema 2014 na ripoti ikasema 2013. Mwombe mthamini aandike miaka yote miwili, na fomu ya maombi ya bima ifuate kadi.

Kama namba za usajili hazijatoka, baadhi ya kampuni hukata bima kwa namba ya chesi. Zikitoka tu, peleka nakala ya kadi na udai waraka wa marekebisho ulioandikwa namba mpya. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba imeshaingizwa.