Tofali la chupa: kabla hujajenga, liweke kwenye mizani

Habari zenu watazamaji. Leo mezani nina chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zote zimejazwa plastiki mpaka shingoni. Ukiziangalia kwa macho ni pacha. Hii ya kushoto naiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 290. Hii ya kulia: gramu 530. Ya kulia ni tofali. Ya kushoto ni takataka iliyofungwa kifuniko, na nitawaonyesha kwa nini. Naibonyeza tumboni kwa kidole gumba, mnaona? Inabonyea na kutoa mlio. Ukiijengea, siku mtu akikaa itabonyea hivyo hivyo, na udongo ulioizunguka utapasuka.

Kipimo kinachotumika kwa matofali haya ni rahisi: kila mililita ya ujazo wa chupa ibebe angalau gramu 0.33. Chupa ya lita moja na nusu isipungue gramu 500 hivi, na ile ndogo ya mililita 600 isipungue gramu 200. Juu pia kuna mpaka, gramu 0.7 kwa mililita. Chupa kubwa ikisoma zaidi ya kilo moja na gramu 50, ndani kuna kitu kisicho plastiki, na kwetu huku Mtwara kitu hicho mara nyingi ni mchanga. Anayeokota plastiki ufukweni, iwe Shangani au Mikindani, akaishindilia bila kuisuuza kwa maji baridi ya bomba, anadanganywa na mizani: anapata uzito wa mchanga na chumvi, si wa plastiki.

Sasa kushindilia. Unahitaji kijiti cha mwanzi kilicho laini kichwani, chembamba kuliko nusu ya mdomo wa chupa. Kikiwa kinene hakifiki pembeni. Kikiwa na ncha kali kinatoboa kitako. Anza na plastiki laini kabisa, vifuko vya ubuyu au vya aiskrimu, ukiijaza ile mikunjo ya kitako mpaka isibaki nafasi. Kosa kubwa la wengi liko hapa: wanajaza chupa nzima halafu ndipo wanashindilia. Kitako kikibaki na hewa, hakuna kijiti kitakachokiokoa baadaye. Tia viganja viwili, shindilia huku unaizungusha chupa, tia tena. Maganda magumu, kama ya vikombe vya mtindi, yakatwe vipande vidogo na kuchanganywa na yale laini. Karatasi, chuma, glasi na kila kinachooza vikae nje.

Plastiki iwe safi na kavu, na kavu maana yake kavu kweli. Ganda la biskuti lenye makombo, au mfuko wenye tone la maziwa, ukifungiwa humo unaoza na kutoa gesi. Dalili yake utaiona: ukungu wa maji ndani ya chupa, kisha baada ya wiki kadhaa kitako kinatuna na tofali haliketi wima. Hilo fungua, toa vyote, osha, anika upya. Miezi ya mvua, Desemba mpaka Aprili, anika ndani kwenye kamba, usiharakishe.

Haya, tujenge nini? Mimi nachagua baraza, lile la udongo la kukalia nje ya nyumba, kwa sababu mzigo wake ni watu tu na likiharibika halimwangukii mtu. Chukua baraza la urefu wa mita mbili, kina sentimita 45, kimo sentimita 40 juu ya msingi wa mawe. Msingi usirukwe, maana maji ya mvua yakilamba udongo chini, baraza linaliwa kuanzia miguuni. Chupa kubwa zinalazwa kukatiza baraza, si kwa urefu wake, na kati ya chupa na chupa unaacha sentimita tatu za udongo. Kwa nafasi hiyo zinaingia 16 kwa mstari, mistari mitatu, jumla 48. Mstari wa pili ukae juu ya nafasi zilizo kati ya chupa za ule wa chini, kama fundi anavyopanga matofali, na vifuniko vielekezwe upande mmoja mstari huu, upande wa pili mstari ule.

Udongo ndio unaobeba kazi. Sehemu moja ya mfinyanzi kwa mbili au tatu za mchanga, na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Fanya kwanza donge la ukubwa wa ngumi, liache likauke. Likipasuka, mfinyanzi umezidi. Likimomonyoka mkononi, mchanga umezidi. Chupa ni nyororo, udongo haung'ang'anii, kwa hiyo zungushia kila chupa kamba mara mbili tatu ili udongo upate pa kushika. Mstari mmoja ukikazika ndipo uweke mwingine. Mwisho funika kila kitu kwa kupiga plasta ya chokaa na mchanga.

Sasa hesabu ambayo wauzaji wa wazo hili hawapendi kuitaja. Chupa 48 kwa gramu 500 ni kilo 24 za plastiki. Ganda la pakiti ndogo ya biskuti lina gramu mbili hivi, kwa hiyo ukitegemea maganda hayo peke yake unahitaji 12,000 kwa baraza moja! Familia moja itazeeka inashindilia. Hii ni kazi ya mtaa mzima au shule. La pili: chupa hizo zimechukua takriban sehemu moja kati ya tano ya ujazo wa baraza. Sehemu nne zilizobaki ni udongo. Kwa hiyo anayekwambia unajenga bure kwa takataka, muulize nani atabeba udongo.

Ndiyo maana ukuta wa nyumba siushauri hata kidogo. Tofali la chupa ni duara, linateleza, linabonyea chini ya mzigo mkubwa, na fundi hana namna ya kulipima kama anavyolipima tofali la saruji. Ukilizungushia saruji, unapata ukuta wa saruji wenye matundu ya duara, tena chupa hizo huwezi kuzitoa tena bila kuzivunja. Zaidi ya hapo, plastiki inawaka. Ukishika moto ukuta uliopasuka plasta, moshi wake ni sumu. Jikoni, karibu na mafiga au tanuri la mkate, lisikaribie.

Na jua la pwani yetu halina huruma. Chupa iliyoachwa wazi kupendezesha ua, inachujuka, inakuwa kavu kama ganda la yai, kisha inameguka vipande vidogo ambavyo mvua inavisomba mpaka baharini. Plastiki uliyoitoa njiani umeirudisha ikiwa unga. Kwa hiyo ile mipaka ya bustani ya chupa zilizochomekwa ardhini bila plasta, inayopigwa sana picha, kwangu inapata sifuri.

Baraza lako likague kila mvua inapoisha. Pita ukigonga plasta kwa kiganja. Ukisikia sehemu inalia tupu, imeachana na udongo, bandua na upige upya kabla chupa haijaliona jua.